Usimuulize mteja "sawa?"

Wiki iliyopita Hajati mmoja wa Bombo alichukua vijitabu vyake vya harusi na kuniombea dua mbele ya wachapaji wenzangu wa Nasser Road, Kampala. Walewale walionicheka zamani kwamba nauliza maswali kama polisi! Sikuwajibu, lakini leo naandika.

Oda yake ilikuja kwa WhatsApp: "Mwanangu, kitabu cha harusi, kurasa nane, rangi, nakala 200, nachukua Ijumaa."

Wengi wangejibu: "Sawa Hajati, kurasa nane, rangi, nakala 200." Huko ni kumrudishia maneno yake. Kama neno lake lina maana mbili, unamrudishia zote mbili, naye anasoma ile ya kwake na kuridhika. Na hapa zilikuwa mbili kweli. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne za A5. Nane zikihesabiwa pamoja na jalada, ni karatasi mbili kwa kila kijitabu, 400 kwa jumla. Jalada likiwa nje ya hesabu, ni karatasi tatu, 600, na bei nyingine.

Nikamwandikia hivi: "Hajati, nimeelewa unataka kijitabu cha nusu ya A4, nakala 200, jalada la rangi, ndani wino mweusi, tayari Ijumaa. Bado jambo moja: zile kurasa nane, umehesabu na jalada, au nane ni za ndani tu?"

Jibu: "Nane za ndani. Halafu ukurasa wa picha za wazee uwe wa rangi."

Mnaona? Swali lilihusu jalada, rangi akairekebisha mwenyewe, kwa sababu nilitaja kitu anachoweza kukiona mkononi mwake. Ningeandika tu "rangi", angepita.

Tena usimalizie na "sawa?" wala "si ndiyo?" Mtu mwenye haraka, au mwenye adabu zake, atakujibu ndiyo hata kama hajasoma. Mpe mambo mawili achague, maana "ndiyo" haiwezi kujibu swali la hivyo. Akikutumia kidole gumba tu, ujue hajasoma. Mpigie simu uulize hilohilo. Mimi wakati mwingine nakunja karatasi tupu, naziandika namba kwa kalamu, napiga picha na kutuma. Mzee asiyependa kusoma ataihesabu.

Ila msizidishe, vijana. Mashaka yakiwa matano, chagua lile litakalobadilisha karatasi au bei, uliulize peke yake mwishoni. Mengine yaandike kama ulivyoyaelewa, akupinge akitaka. Ukimpangia maswali matano atajibu la kwanza na kunyamaza, na mengine utayakuta Ijumaa amesimama dukani. Na anayetaka fotokopi ya kitambulisho, mpigie fotokopi yake aende zake.