Kuku wachache wa uani: yai safi huanzia kiotani

Shikamoo Mama. Nina kuku chotara sita, nawapa pumba za mahindi na makombo ya jikoni. Wanashiba, lakini napata mayai mawili kwa siku, siku nyingine hakuna. (Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Pumba zinamjaza kuku tumbo lakini hazimpi cha kutengenezea yai. Anayetaga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 au 17 hivi na madini ya chokaa kwa wingi, na hayo utayapata kwenye chakula kilichochanganywa kwa ajili ya kuku wa mayai. Kuku mmoja hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo sita wako watamaliza gramu 720, chini kidogo ya kilo tatu kwa kila siku nne.

Mfuko wa kilo 50 basi utakaa zaidi ya miezi miwili, na hapo ndipo sisi wenye kuku wachache tunapoumia. Chakula kikikaa muda mrefu vitamini hupungua, na kikipata unyevu huota ukungu wenye sumukuvu. Gawaneni mfuko na jirani, ukiweke kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya ubao, mbali na ukuta. Ukisikia harufu ya uvundo au ukaona mabonge, usiwape hata kidogo.

Usibadilishe chakula kwa siku moja. Changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Makombo na mchicha wape jioni, baada ya kula chakula chao, na yasizidi konzi moja kwa kila kuku. Ukiwapa asubuhi watashiba hayo, na chakula ulichonunua kitabaki.

Angalia na maji. Sehemu kubwa ya yai ni maji, na kuku sita kwenye joto la kwenu wanaweza kumaliza lita tatu kwa siku. Chombo kikikauka mchana mmoja tu, mayai yanaweza kupungua kwa siku kadhaa. Ukiyarekebisha yote haya, subiri wiki mbili au tatu kabla ya kuhukumu.

Mama, bila jogoo watataga kweli? Majirani wananicheka. (Dodoma)

Watataga vilevile. Jogoo anahitajika pale tu unapotaka vifaranga. Tena yai lisilo na mbegu halianzi kuumba kifaranga hata likikaa kwenye joto.

Ganda ni jembamba, mengine nayakuta yamepasuka kiotani. Chakula nanunua dukani. (Mombasa)

Ganda hutengenezwa zaidi usiku, kuku akiwa amelala na hali kitu. Kila yai linamgharimu kama gramu mbili za kalsiamu. Unga wa chokaa uliomo kwenye chakula hupita tumboni upesi, lakini vipande vya makome ya baharini hubaki kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu hadi alfajiri. Weka vipande hivyo kwenye kopo la peke yake, wale wenyewe kadiri wanavyotaka. Usivichanganye kwenye chakula, kwa sababu kuku asiyetaga hahitaji kalsiamu nyingi hivyo. Ninyi mnaoishi karibu na pwani mnayo makome bure: yaoshe, yaanike, yaponde yawe kama chenga za mchele.

Joto kali nalo hufanya ganda kuwa jembamba. Ukiwaona wanahema midomo wazi mchana, wape kivuli na maji ya baridi.

Nimewatengenezea viota vizuri lakini wanataga nyuma ya pipa, halafu usiku wanalala kwenye viota na kuvichafua. (Tanga)

Kuku hutafuta mahali pa kutagia penye giza na utulivu, na mahali pa kulala pa juu kuliko pote. Nyuma ya pipa pana giza kuliko kiota chako, na kiota chako bila shaka kiko juu kuliko fito zao za kulalia. Hayo mawili ndiyo ya kugeuza.

Kwa kuku wachache kama wako viota viwili vinatosha. Hesabu kimoja kwa kuku wanne au watano. Kila kimoja kiwe na sentimita 30 kwa 30 chini na kimo cha 35, kiinuliwe nusu mita hivi kutoka sakafuni. Mlangoni pigilia ubao wa sentimita 10 uzuie matandiko na mayai yasimwagike, na juu yake ning'iniza kipande cha gunia kuleta giza. Ndani tandika maranda makavu ya mbao au nyasi kavu, unene wa vidole vinne. Fito za kulalia ziweke juu zaidi ya viota, na paa la viota liwe la mteremko ili wasipate pa kukaa.

Kisha ziba nyuma ya pipa. Weka yai la mbao au la plasta kwenye kila kiota, maana kuku hupenda kutaga palipo na yai. Kwa wiki moja au mbili funga viota magharibi, ukavifungue alfajiri kabla hawajashuka. Mtaani kwangu yuko dada aliyepandisha fito tu, bila kufanya kingine, na kinyesi kikaisha viotani ndani ya siku nne.

Mayai yangu ni machafu, nayaosha kwa maji ya bomba kabla ya kuyauza. Mteja amelalamika yanaharibika haraka. (Dar es Salaam)

Acha kuyaosha, mwanangu. Ganda lina maelfu ya vitundu vidogo, na yai hutoka likiwa na utando mwembamba unaoviziba. Ukiosha, utando huondoka. Na maji yakiwa ya baridi kuliko yai, vilivyomo ndani hunywea na kuvuta maji machafu pamoja na vijidudu kupitia vitundu hivyo. Yai linang'aa kwa nje, huku uchafu umeshaingia ndani.

Lisome doa kabla ya kulifuta. Kinyesi kilichopakaa maana yake wanalala kiotani. Alama za kucha zenye tope zinasema sakafu ya banda au uwanja umeloa. Ute uliokauka ni wa yai lililopasuka. Toa matandiko yote siku hiyohiyo, la sivyo kuku watazoea kula mayai. Michirizi ya damu huonekana kwa mtetea anayeanza kutaga, na mara nyingi huisha yenyewe.

Kusanya mara tatu. Mengi hutagwa kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo pita saa nne, saa saba na saa kumi na moja jioni. Zamu ya jioni usiiache: yai huchukua kama saa 25 kuumbika, na kuku yuleyule huchelewa kidogo kila siku. Yai linalokaa kiotani linakanyagwa, linapata joto, na linamfanya kuku atamani kuatamia.

Doa dogo lifute kwa kitambaa kikavu au msasa laini. Lililochafuka sana usiliuze: lioshe kwa maji ya uvuguvugu, yaliyo moto kuliko yai, ulipike siku hiyohiyo mpaka kiini kigande. Masafi yapange kwenye trei, ncha nyembamba ikiwa chini, sehemu yenye ubaridi na mbali na jiko. Trei la karatasi lililolowa usilitumie tena.