Shokapu Iliyolowa Oili si Lazima Ndiyo Iliyokufa

Ninyi mnaoanza gereji, kosa nitakalowaeleza hapa nililifanya mwaka wangu wa kwanza, na niliona wenzangu wengi wakilifanya baadaye. Gari linaingia, mteja anasema linadunda kila akipita tuta. Unainama, unaona shokapu moja imelowa oili na nyingine kavu kabisa. Unahukumu palepale: iliyolowa ndiyo mbovu. Inafungwa mpya, mteja analipa, kesho yake anarudi na gari linadunda vilevile.

Kwanza mjue shokapu inafanya nini, kwa sababu wengi hudhani ndiyo inayobeba gari. Gari linabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza. Ndani kuna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye matundu madogo, na ile nguvu ya kudunda inageuka joto. Kwa hiyo gari lililolala upande mmoja, usianze na shokapu. Lisimamishe mahali pa sawa, pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana, tazama springi.

Sasa niwape kesi ya Haisi moja ya abiria. Dereva alikuja akasema, "Fundi, mkia unarukaruka. Nikivuka rasta, abiria wa siti ya nyuma wananigombeza. Shokapu ya kulia inavuja, niliiona mwenyewe wakati wanaosha gari."

Nikaingia chini. Kweli, ya kulia ilikuwa na oili. Lakini msiishie kwenye neno "ina oili", tazameni iko wapi na ni kiasi gani. Fimbo ya shokapu inapopanda na kushuka hutoka na utando mwembamba wa oili, ndio unaolainisha sili. Utando huo ukikutana na vumbi letu unafanya uchafu mweusi sehemu ya juu ya mtungi. Sisi tunauita jasho. Shokapu yenye jasho bado inafanya kazi. Inayovuja kweli, oili inatiririka hadi chini, unaona michirizi inayong'aa, na pengine tone limening'inia kwenye bushi ya chini.

Vilevile fuateni alama mpaka sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Oili haipandi. Kama kuna ulowevu juu zaidi ya sili, au upande mmoja tu kama uliorushwa, huenda ni mafuta ya breki, oili ya difu, au grisi iliyotoka kwenye buti iliyopasuka ya ekseli. Mafuta ya breki yakiwepo, acheni habari ya shokapu, shughulikieni breki kwanza.

Ya kulia niliifuta kwa kitambaa mpaka ikakauka, nikamwambia dereva apige kazi siku mbili kisha arudi. Watu wanaona kufuta na kusubiri ni kupoteza muda, ila ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote. Aliporudi, kulikuwa na utando mwembamba wa vumbi karibu na sili, basi. Chini pakavu. Hiyo ni jasho.

Tukafanya kipimo cha mkono ambacho kila mtu anakijua: unaegemea kona ya gari, unalidundisha mara tatu nne, unaachia likiwa chini. Gari lenye shokapu nzima linapanda mara moja na kutulia, au linashuka kidogo tu. Likiendelea kupanda na kushuka mara mbili tatu baada ya kuachia, shokapu ya kona hiyo imechoka. Linganisheni kila mara kulia na kushoto.

Ila kwa Haisi ile mkono haukutuambia kitu. Kona zote mbili za nyuma zilitulia vizuri. Sababu ni kwamba springi zake za nyuma ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na yakisuguana yanazima mdundo mdogo wa mkono hata pasipo shokapu. Uzito wa abiria kumi na kitu ukishuka kutoka kwenye tuta ni habari nyingine. Kipimo cha mkono kinakamata shokapu iliyokufa kwenye gari dogo la springi za kuzunguka. Iliyokufa nusu mara nyingi kinaipita. Na kona ikikataa kabisa kushuka, usiseme ni nzima, inawezekana fimbo imeganda.

Kwa hiyo nikapanda naye tukaendesha kama dakika ishirini kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo. Tuliporudi nikagusa mitungi yote miwili kwa mgongo wa kiganja, kwa tahadhari, maana bomba la moshi liko karibu. Ya kulia, ile yenye jasho, ilikuwa na joto. Ya kushoto, kavu na safi, ilikuwa baridi. Shokapu inayofanya kazi lazima ipate joto. Iliyobaki baridi wakati mwenzake amepata joto haikamati chochote. Nikapitisha kiganja kwenye tairi la kushoto, nikakuta mabonde na vilima kuzunguka uso wake. Tairi huliwa hivyo likiwa linaruka na kutua badala ya kushika barabara.

Tukazifungua zote mbili. Kwenye Haisi nyuma ni rahisi, shokapu imeshikwa juu na chini tu, iko peke yake. Msifanye hivyo kwa zile za mbele za gari dogo ambazo springi imezunguka shokapu: nati ya juu haiguswi mpaka springi imebanwa kwa kibano chake. Springi ile ikifyatuka inaua mtu.

Shokapu isimamishwe wima kama inavyokaa kwenye gari, uivute na kuisukuma mwendo wake wote mara tano ili hewa ipande juu. Baada ya hapo ndipo uhukumu. Ya kulia ilikuwa nzito mwanzo hadi mwisho, kuvuta kukiwa kugumu kuliko kusukuma, inavyotakiwa. Ya kushoto ilikuwa na pengo: kila nilipogeuza mwendo, fimbo ilienda bure kama upana wa vidole vitatu kabla haijakamata. Hiyo ni oili iliyopungua. Zote zilikuwa za gesi. Fimbo ya kulia ilipanda yenyewe polepole, ya kushoto ikabaki ilipoachwa. Zingekuwa za oili tupu, kutopanda kusingekuwa kosa.

Nikamulika tochi chini ya kifuniko cha bati cha ile ya kushoto: fimbo ilikuwa na vishimo vya kutu. Vishimo vile vilikata sili, oili ikaisha miezi mingi nyuma, na kila walipoosha gari walisafisha ushahidi. Dereva akauliza kama inaweza kujazwa oili na kubadilishwa sili. Nikamkatalia. Fimbo yenye vishimo itakata na sili mpya, na mtungi wa gesi hautobolewi wala kuchomelewa.

Tulifunga mbili mpya, kwa sababu moja mpya na moja ya zamani kwenye ekseli moja hulifanya gari livute upande likiruka. Nilizipampu wima kabla ya kuzifunga, maana dukani zilikuwa zimelazwa. Nati nikazikaza mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake; ukizikaza likiwa kwenye jeki, bushi zinapindwa na kuchanika mapema. Ile ya kulia niliiweka kabatini, na hadi leo kila kijana anayeanza kwetu namkabidhi aivute, ajue uzito wa shokapu nzima ukoje mkononi.