Kuelea siyo kuiva: kabla hujalipia kaharabu yenye mdudu

*"Wakuu, nimepata kipande cha kaharabu chenye mdudu mkubwa ndani, kamili kabisa, hata mguu haujakatika. Muuzaji anasema kina miaka milioni 40. Nimekitia kwenye maji ya chumvi kikaelea, kwa hiyo Ijumaa nalipa. Naomba kueleweshwa utomvu wa mti unageukaje kuwa jiwe, mdudu haozi kwa nini, DNA yake bado imo, na nikitaka kuking'arisha nitumie nini?"*

Usilipe Ijumaa. Usilipe kabisa mpaka kipande hicho kiguswe na tone la asetoni, kiyeyushi kinachotumika kutoa rangi ya kucha. Hilo jaribio la maji ya chumvi ndilo lililonikomba mfukoni, na nikiona mtu mwingine analitaja kwa furaha natamani kuvunja simu.

Maji ya chumvi yanapima kitu kimoja tu: uzito wa kitu ukilinganisha na ukubwa wake. Ukikoroga gramu 60 za chumvi kwenye mililita 250 za maji, unapata maji yenye uzito wa karibu gramu 1.14 kwa kila mililita. Kaharabu iko kati ya 1.05 na 1.10, basi inaelea. Kioo kinazama, na bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, nayo inazama. Hapo ndipo waliotufundisha wanapoishia, wanapiga makofi, wanaondoka. Hawakuambii kwamba sandarusi nayo inaelea. Hawakuambii kwamba polistirini, plastiki ya bei ya bure, inaelea vilevile. Yaani jaribio linakamata matapeli wavivu tu, halafu anayekuuzia sandarusi anakukoroga chumvi yeye mwenyewe kwa mkono wake, akitabasamu. Mimi nilidhani ni ukarimu.

Sasa kwa nini sandarusi inadanganya vizuri hivyo? Kwa sababu siyo bandia. Ni utomvu halisi wa mti, umeganda kweli, na mdudu aliyemo alinasa kweli. Shida yake ni moja: haujaiva.

Utomvu ninaousema siyo yale maji yanayopanda kutoka mizizini kulisha majani. Ni ule mzito unaonata ambao mti unautoa gome linapojeruhiwa, na umejaa kemikali za jamii ya terpini. Ukishatoka, mambo mawili yanaanza. Terpini nyepesi zinapaa hewani, ndiyo ile harufu unayoisikia ukipita karibu na mti uliokatwa. Zile nzito zinabaki, na zina vifungo pacha vinavyofunguka na kushikana, molekuli hii na jirani yake, mpaka tone zima linakuwa wavu mmoja. Siku na miezi ya mwanzo inatosha kuufanya mgumu kwa kugusa. Lakini ugumu huo wa juu ndio unaotupumbaza. Ndani bado kuna molekuli nyingi huru ambazo hazijashikana na yeyote.

Ili zishikane, utomvu lazima ufukiwe kwenye matope au mchanga, mbali na oksijeni, upate joto la wastani la ardhini, na ukae huko mamilioni ya miaka. Ukibaki juu ya ardhi unachakaa, unapasuka na kuwa unga. Kaharabu ya Baltiki, ile ya pwani za Bahari ya Baltiki huko Ulaya kaskazini, imekaa zaidi ya miaka milioni 34. Ile ya Jamhuri ya Dominika ina takriban milioni 15 hadi 20, na ilitoka kwenye mti uliotoweka wa ukoo mmoja na msandarusi. Ile ya Kachin, Myanmar, ina karibu milioni 99. Sandarusi nyingi inayouzwa ikiwa na wadudu ina umri wa mamia au maelfu ya miaka tu, na nyingine ni changa kuliko hapo.

Basi unachotakiwa kupima ni kuiva, na asetoni inapima kuiva. Molekuli zilizofungwa kwenye wavu haziyeyuki, zilizo huru zinayeyuka. Fanya hivi: chagua sehemu ya chini ya kipande, mbali na mdudu, mbali na ufa wowote, kwa sababu asetoni ikiingia kwenye ufa inaupanua. Dondosha tone moja dogo, hesabu sekunde 30, kisha bonyeza kwa kidole au pamba. Sandarusi itanata na kuacha alama ya kidole. Polistirini nayo italainika. Kaharabu iliyoiva itabaki kavu, labda ipoteze mng'ao kidogo. Dawa ya kutoa rangi ya kucha inafaa endapo ina asetoni tu, maana nyingine hazina hata chembe, na utapata jibu la uongo la kukufurahisha.

Tafadhali usiguse sindano ya moto. Kila mtu anaipendekeza, na ni mbaya mara mbili. Sandarusi na kaharabu zote zinatoa harufu ya utomvu zikiungua, kwa hiyo pua yako ndiyo hakimu, na pua hainunuliki lakini inadanganyika. Pili, joto linaweza kupasua kipande kuelekea pale pale alipo mdudu, kwa sababu pale ndipo pana udhaifu.

Halafu kuna mtego ambao hata asetoni haiukamati: kaharabu halisi, mdudu wa kupandikizwa. Kipande kimoja cha Baltiki chenye nzi kiliingia Makumbusho ya Historia Asilia ya London mwaka 1922. Mtaalamu mkubwa wa nzi, Willi Hennig, aliandika kukihusu mwaka 1966, akishangaa kwamba nzi huyo hatofautiani na nzi wa vyooni wa leo. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Ross alikuwa anakitazama kwa hadubini, joto la taa likakipasha, ufa ukajitokeza kumzunguka nzi. Mtu alikuwa amekata kaharabu vipande viwili, akachimba shimo, akamtia nzi wa juzi, akavibandika tena. Kama wataalamu walilala na kipande hicho miaka 70, mimi na wewe tusijione wajanja.

Kwa hiyo chukua lenzi ya kukuza mara 10, zungusha kipande taratibu dhidi ya mwanga, tafuta mstari mnyoofu unaokizunguka chote au viputo vilivyopangana kwenye bapa moja. Kisha mtazame mdudu wako. Wadudu wengi wa Baltiki wamefunikwa upande mmoja na utando mweupe kama maziwa, ambao ni viputo vidogo vya unyevu uliotoka mwilini walipoanza kuoza kabla utomvu haujawakausha na kuua bakteria. Mara nyingi ndani ni watupu, kilichobaki ni ganda la nje. Na wengi ni wadogo, visubi na wenzao, kwa sababu mkubwa ana nguvu za kujinasua. Wako ni mkubwa, msafi, amekaa katikati kama amepigwa picha ya pasipoti. Mimi ningeshuka na tone la asetoni kesho asubuhi.

Muuzaji akikubali tone likae sekunde 30 sehemu ya chini, endelea kuongea naye bei. Akisema litaharibu kipande, basi anajua ni nini anachouza, kwa sababu kaharabu iliyoiva haiharibiwi na tone moja. La kung'arisha tutaongea ukirudi na majibu, maana sandarusi ukiisugua kwa kasi inapata joto na kuanza kunata kwenye kitambaa.