Ushuru haufuati bei uliyonunulia

"Gari la Japani limetangazwa kwa laki 7 pamoja na meli hadi Kilindini. Nijumlishe nini zaidi?"

Ndugu, KRA haianzi na hiyo laki 7, bali na bei ya gari jipya la aina hiyo katika orodha yake, kisha huondoa uchakavu na kodi zilizomo. Tuseme thamani ya forodha ni 1,000,000 na injini inazidi lita 1.5 lakini haizidi 2.5: ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni 350,000, ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 juu ya jumla ya thamani na ushuru huo ni 337,500, na VAT ya asilimia 16 juu ya yote ni 270,000. Hizo ni 857,500, kabla ya tozo za uagizaji na reli. Ukaguzi wa Japani, wakala na usajili ni kidogo. Kinachouma ni malipo ya bandari siku za bure zikipita, hivyo wakala ayaandike kando na ada yake.