Kuanzisha programu upya si sababu wala si dawa

Swali: Mtaalamu, mwalimu wangu alinisaidia kusaka hitilafu kwenye programu ya Python ya alama, tukaandikiana ujumbe mwingi. Sasa naendelea na mwalimu mwingine, nataka kumfupishia. Nimeandika: "Sababu: orodha ilikuwa inakumbuka alama za zamani. Tulijaribu: kubadilisha jina la orodha (haikusaidia), kuanzisha upya (ilisaidia kidogo), kuweka None (ilitatua), kuweka try/except kwenye jumla (ilitatua)." Tulichapisha pia `weka.__defaults__` ikatoka `(['40'],)` lakini hiyo nimeiacha, ni ya katikati tu. Alama zinaingia kwa `input()`. Kilichobaki ni kwamba jumla inatoka 0. Muhtasari huu unatosha?

Jibu: Hautoshi, ndugu yangu, na ulichokiacha ndicho chenye thamani kuliko vyote ulivyoandika. Nadhani fanksheni yenu ilianza hivi:

```python
def weka(alama, orodha=[]):
    orodha.append(alama)
    return orodha
```

Python huitengeneza ile `[]` mara moja tu, pale inaposoma mstari wa `def`. Kila unapoita `weka` bila kutoa orodha, unaandika kwenye orodha ileile. Mlipochapisha `weka.__defaults__` mkaikuta na 40 ndani yake, hapo ndipo sababu ilipothibitika. Kabla ya hapo mlikuwa mnakisia. Mwalimu mpya akisoma "orodha ilikuwa inakumbuka" bila ushahidi huo, itabidi aanze kuchimba upya, kwa sababu hayo ni maelezo ya dalili.

Sasa itazame tena ile 40. Imefungwa kwa alama za nukuu, maana yake ni maandishi, si namba. `input()` hurudisha maandishi siku zote. Kwa hiyo `sum(orodha)` haiwezi kujumlisha, na Python ilikuwa inawaambia hivyo:

```
TypeError: unsupported operand type(s) for +: 'int' and 'str'
```

Kisha mkaweka `try/except`, ujumbe ukanyamaza, jumla ikabaki na 0 mliyoianzia. Wewe umeandika "ilitatua". Hapana. Hiyo ni hitilafu ya pili, na bado ipo. Kwenye muhtasari iandike kama sababu inayoshukiwa, yenye ushahidi wa zile nukuu, na useme wazi kwamba `try/except` bado imo kwenye programu. Mwalimu mpya ataiondoa, auone ujumbe wenyewe, kisha ajaribu `weka(int(input()))`.

Kubadilisha jina la orodha hakukusaidia, lakini usiishie hapo. Andika kulionyesha nini: kwamba shida haikuwa majina mawili kugongana. Jaribio lililoshindwa linafunga njia moja, na mwenzako anahitaji kujua ni ipi.

Kuanzisha upya ndiko kunakonikera zaidi, maana nakuona kwenye karibu kila muhtasari ninaoletewa. Programu inapoanza upya, mstari wa `def` unasomwa upya, orodha inazaliwa tupu, na mwito wa kwanza unatoa jibu sahihi. Mwito wa pili unaharibika vilevile. Badala ya "ilisaidia kidogo", andika "mwito wa kwanza sahihi, wa pili una alama za zamani". Sentensi hiyo peke yake ingemwelekeza mtu yeyote makini kwenye kitu kinachodumu kati ya miito.

Wapo watu wanaogawa dawa hizi kila mahali: anzisha upya, sakinisha upya, zungushia `try/except`. Hawaulizi ujumbe wa hitilafu unasemaje. Dalili ikipotea wanatangaza ushindi, na mwanafunzi anaandika "sababu" kwa kufuata kitu cha mwisho alichogusa. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na programu ikatulia, hujui kipi kimefanya kazi. Muhtasari useme hivyo bila aibu: "tulibadilisha vitatu, hatujui ni kipi".

Neno "ilitatua" liwekee masharti. Endesha programu kwa alama zilezile zilizoleta shida mwanzoni, na uiite fanksheni zaidi ya mara moja. Kisha rudisha `orodha=[]` kwa muda: hitilafu ikirudi, na ukiweka tena `None` pamoja na `if orodha is None: orodha = []` ikaondoka, umeshika sababu. Hitilafu inayotokea mara moja moja ni ngumu zaidi, maana kutoonekana leo hakuthibitishi kitu. Hiyo iandike kwamba haijaonekana tangu mabadiliko fulani, ukitaja umeendesha programu mara ngapi na kwa data ipi.