Barua kwa mwanangu: soksi za mtoto wa miaka sita

"Mama, Ijumaa nina kikao na wazazi wa Gredi ya Kwanza. Mtoto wa miaka sita anaweza kupewa kazi gani nyumbani? Na niwaelezeje wazazi kwamba kazi hizo zinamfundisha kujitegemea, wasije wakadhani mwalimu anataka watoto watumikishwe?"

Mwanangu,

Salamu kutoka Kisumu, joto ni lile lile.

Nianze na hilo neno lako. Ukisimama mbele ya wazazi pale Nakuru ukasema "kujitegemea", wengi watamwona kijana aliyehama kwao na kujilipia kodi ya nyumba. Mtoto wa miaka sita yuko mbali na hapo. Sema "kujifanyia", kisha uwape kipimo kimoja wanachoweza kukitumia wenyewe: mtoto anaweza kutambua kwa macho yake kwamba kazi imeisha, au bado, bila kumwuliza mama? Kazi inayopita kipimo hicho inamfaa. "Nisaidie nyumbani" haipiti, kwa sababu mwisho wake haujulikani. "Chagua kikombe hiki cha maharagwe" inapita, kwa kuwa mawe ameyatoa au hajayatoa. (Mama apitishe macho kabla ya kupika. Kijiwe chenye rangi ya haragwe humponyoka hata mtu mzima.)

Kwa darasa lako ningeshika kazi moja tu, kufua soksi za shule. Kila mtoto anazo, zinachafuka kila siku kwa vumbi la huko kwenu, zinatosha mkononi mwake, na zikifuliwa vibaya hakuna kilichoharibika. Sare nzima usiiguse. Sweta iliyolowa ni nzito, hawezi kuikamua.

Beseni liwe dogo, na maji yasizidi lita mbili. Watoto humwaga maji sakafuni kwa sababu mtu mzima amejaza beseni hadi karibu na ukingo, kisha analaumu mkono wa mtoto. Beseni likae chini na mtoto akae kwenye kigoda, asiiname. Sabuni ni ya mche, ikatwe kipande kinacholingana na kiberiti. Kipande kirefu kinamteleza, naye akikiacha ndani ya maji kinayeyuka, halafu mzazi anakwambia kazi hii inamaliza sabuni. Mpe kifuniko cha kopo akiweke hapo. Sabuni ya unga huweza kuwasha mikono ya mtoto, na dawa ya kung'arisha nguo isikaribie kabisa.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Anageuza soksi ndani nje, kwa maana jasho liko ndani, na anailoweka dakika kumi. Anaipaka sabuni kisigino na vidole, sehemu hizo mbili tu. Anashika soksi kwa ngumi mbili zilizokaribiana na kusugua ngumi kwa ngumi. Anaigeuza tena na kurudia upande wa nje, kisha anasuuza mara mbili kwa maji mapya. Kukamua ndiko kunakowashinda, kwa kuwa kifundo cha mkono hakijapata nguvu ya kusokota. Mwonyeshe kuipitisha soksi nyuma ya mfereji au nguzo, akunje ncha mbili pamoja na kuzisokota, nguzo imshikilie upande wa pili. Mwisho anaianika kwa kibanio upande wa vidole, ule mpira wa juu usivutike. Kibanio kinabanwa kwa kidole gumba na viwili vinavyofuata, vile vile vinavyoshika penseli, nawe utawajua watoto ambao vidole hivyo bado ni vilegevu.

Kamba ya mtoto iwe usawa wa kifua chake. Lakini wasisitizie wazazi kwamba kamba hiyo ifungwe sambamba na ukuta, karibu nao. Kamba ya chini ikikatiza uani, mtoto anayekimbia jioni ataikuta kwa shingo.

Sasa mpangilio wa kufundisha, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wao huanza mwanzo: mtoto analoweka, anasugua kidogo, anachoka, mama anamalizia. Baada ya wiki mbili za namna hiyo amejifunza kuanza kazi na kumwachia mtu mwingine. Geuza mpangilio. Siku tatu za kwanza mama afue kila kitu, mtoto aanike tu. Akishaanika vizuri, aongezewe kukamua, na aanike. Kisha kusuuza, kukamua, kuanika. Kusugua kuje karibu na mwisho, kwa sababu ndiko kugumu. Kwa njia hii, kila jioni mtoto ndiye anayefunga kazi, naye anaondoka akiona soksi zake zinaning'inia. Wiki tatu zinatosha kwa wengi. Kwa mwenye mikono dhaifu, anza na leso, ambayo haina kisigino.

Kukagua nako kuna ufundi wake. Mama asiseme "bado chafu". Amwambie mtoto aivae soksi mkononi kama glovu na akunje ngumi. Kisigino kinakaa juu ya vifundo vya vidole, mbele ya macho yake, na doa lote linaonekana. Akisema mwenyewe "hapa bado", umepata kile unachotaka kuwaeleza wazazi, na unaweza kuwaonyesha badala ya kuwahubiria. Soksi nyeupe zilizozeeka zina rangi ya udongo isiyotoka tena. Mama akubali hivyo, la sivyo mtoto atasugua hadi alie.

Kosa moja linabomoa yote. Mama anasubiri mtoto alale, kisha anafua soksi upya. Asubuhi mtoto anazikuta zinang'aa kuliko alivyoziacha. Anaelewa bila kuambiwa, na jioni inayofuata atasugua kiasi cha kuonekana tu. Kama soksi haziwezi kuvaliwa, mzazi aseme wazi, "Kisigino hiki tunakirudia," na wakirudie wote wawili mchana. Afadhali ziende shuleni na doa.

Maji yamwagwe mara tu kazi inapoisha. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, beseni la lita mbili linatosha kumzamisha. Hili liseme hata kama watu wanatazama saa.

Kazi nyingine nitazipitia haraka. Kukunja nguo zake ndogo, kupanga viatu, kufuta meza, kuweka sahani na vijiko, kulisha kuku na kuokota mayai, kumwagilia sukumawiki kwa kopo la lita moja, kufagia chumba kimoja kwa ufagio mfupi. Ufagio wa mtu mzima una mpini unaompita kichwa, kwa hiyo vumbi anaishia kulisambaza. Zisizomfaa ni jiko la makaa, mafuta ya taa, sufuria yenye kitu cha moto, kisu kikali, kuachiwa mtoto mchanga, na kutumwa dukani ng'ambo ya barabara. Umri huo bado hajui kukadiria kasi ya bodaboda inayokuja.

Maji ya kuteka yatakuletea mabishano, basi beba hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtoto wa miaka sita ana uzito wa kilo 20 hivi, kwa hiyo mtungi wa lita 20 ni kumbebesha mwenzake. Hata ule wa lita tano ni robo ya mwili wake. Kibuyu cha lita mbili, kutoka mferejini hadi mlangoni, kinatosha.

Kuhusu utumikishaji, usikwepe swali, litauliziwa nyuma ya ukumbi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya kazi ya hatari na ya unyonyaji. Waambie mpaka ulipo kwa lugha ya nyumbani. Anashughulikia vitu vyake au sehemu yake ndogo ya nyumba. Kazi haizidi robo saa. Hailii muda wa kucheza, kulala wala shule, na haitolewi kama adhabu. Mtoto anayefua za familia nzima ameshavuka mpaka, na anayekosa shule Jumatatu ili achunge mdogo wake amevuka pia. Mzazi akiuliza kama amlipe shilingi kumi, mwambie hapana. Siku shilingi ikikosekana, soksi zitabaki chafu.

Usianze kikao kwa kueleza. Chora mstari ubaoni kutoka mtoto anapoamka hadi anapofika langoni, na uwaulize wazazi: nani anamvalisha, anafunga vifungo, anatafuta kiatu cha pili, anapanga begi, anafunga kamba? Andika "mama", "dada", "baba" kila mahali. Wenyewe wataona jina la mtoto halimo. Hapo sasa waulize ni lipi moja wangemwachia. Moja tu, maana atakayekwenda na matano ataacha yote kufikia Jumatano.

Watakaokupinga nawajua. Wa kwanza atasema asubuhi hana muda wa kumngoja mtoto. Ana haki. Mwambie afundishe jioni au Jumamosi, asubuhi aendelee kumvalisha mpaka mkono uzoee. Wa pili ana msaidizi wa nyumbani anayelipwa kufua. Huyo mwambie aongee na dada wa kazi kwanza, kwa sababu dada akiona soksi zinaning'inia kombo atazirudia akidhani ndiyo kazi yake, nawe umeshajua matokeo. Wa tatu atasema mwanawe ni wa kiume. Mjibu kwamba darasani kwako wote wana miguu, kisha endelea. Na akitokea wa kukuuliza kama kufua kutapandisha alama, usimwahidi. Mwambie atakachokiona baada ya wiki kadhaa ni mtoto anayekumbuka beseni kabla ya kuambiwa, na anayejaribu mara mbili kabla ya kuita "Mama!" Wewe darasani angalia kama anafungua kontena lake la chakula bila kukuletea.

Huko kwenu Julai ni baridi, na soksi iliyoanikwa saa kumi na mbili jioni haitakauka. Wenye jozi moja wafue mara mtoto anapotoka shuleni, na usiku ziingizwe ndani. Ijumaa nenda na beseni, vibanio viwili, kamba ya mita mbili na soksi zilizokwisha kulowekwa, usije ukawasimamisha wazazi dakika kumi wakitazama maji.

Mama yako