Ruhusa ya kwenda kurenew pasipoti: omba ukiwa makaratasi umeshamaliza

Mi nafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, zamu ya asubuhi, na pale mmoja akikosekana mezani wenzake wanabeba mzigo wake mpaka zamu iishe, kwa hiyo ruhusa huombi jioni ili uende kesho.

Pasipoti yangu ilikuwa inakaribia kuisha, nikaomba siku moja nikapewa, nikaenda na pasipoti ya zamani na kitambulisho cha NIDA nikijua nimemaliza. Kumbe jina la kati limetofautiana herufi moja, nikaambiwa nikalete kiapo kwanza. Siku ikaisha hivyo. Kurudi kuomba nyingine ndo kuliniuma, supavaiza alikuwa ameshanipangia mtu.

Mara ya pili nikaanza na yale yasiyohitaji ruhusa kabisa. Fomu ya Uhamiaji nikajaza mtandaoni usiku nyumbani, nikapata namba ya malipo nikalipa kwa simu, nikaprinti stationari, Jumamosi nikaenda kwa wakili kuchukua kiapo. Nikakaa chini nikalinganisha majina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Kilichobaki ni kupeleka fomu na kuchukuliwa alama za vidole, hapo hakuna wa kukuwakilisha, na hiyo ndo siku ya kuombea.

Wiki moja kabla nikamtumia supavaiza ujumbe hivi:

"Shikamoo mama. Naomba ruhusa Jumatano ijayo nikapeleke fomu ya pasipoti Uhamiaji na kuchukuliwa alama za vidole. Kiapo ninacho na nimeshalipia, risiti hii hapa. Dada wa zamu ya mchana amekubali kukaa mezani kwangu, mi nitamfanyia Ijumaa. Ikiwa tayari nitahitaji masaa machache ya kwenda kuichukua, nitakwambia mapema."

Akajibu ndani ya saa moja, haya, ila andika na barua ya ofisini. Nadhani kilichomrahisishia ni yule dada, maana pengo nilikuwa nimeshaliziba, na ile safari ya kuchukua nimeitaja mapema, wengi huwa wanaisahau halafu wanaonekana wanaomba kila siku.

Kwenye barua uliza pia siku hiyo inaandikwaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, ila siku ya ruhusa yenye malipo uliyoomba mwenyewe mwajiri anaweza kuikata humo humo. Likizo maalum ya pasipoti au kitambulisho haimo. Zile siku 4 za kufiwa au mtoto kuumwa usizitumie kwa hili tafadhali, nimeona mtu kasingizia msiba halafu wa kweli ukaja, akaanza kuulizwa maswali mengi huku analia.

Yangu ilikatwa kwenye zile 28, na nilijua kabla sijaondoka.